Du, de la, des au le, la, les? Maswali kuhusu artikeli za Kifaransa mezani

Nafundisha Kifaransa kwa watu wazima wanaoishi kwa Kiswahili: wafanyabiashara wanaokwenda Lubumbashi na Goma, wauguzi, na wazazi ambao watoto wao wanasoma kwa Kifaransa. Tukifika kwenye somo la chakula, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa darasani.

## Kwa nini siwezi kusema tu «Je mange pain»?

Kwa sababu katika sentensi ya Kifaransa, nomino ya chakula haisimami peke yake kama inavyosimama kwetu. Sisi tukisema «nakula mkate» tumemaliza. Anayetusikia anajua kutokana na hali yenyewe kama tunakula kipande, mkate mzima, au ule mkate uliobaki jana. Mfaransa hataki kuachiwa akisie. Anataka neno dogo litangulie nomino na limwambie unakusudia nini:

*Je mange du pain.* Nakula mkate, kiasi fulani tu, sijasema kiasi gani.

*Je mange un pain.* Nakula mkate mmoja, mzima.

*Je mange le pain.* Nakula ule mkate ambao mimi na wewe tunaujua.

Sentensi zote tatu ni sahihi. Kosa linatokea pale unapotamka moja huku ukimaanisha nyingine. Nilipokaribishwa chakula Lubumbashi kwa mara ya kwanza, niliulizwa jioni huwa nakula nini, nikajibu *Je mange le poisson.* Mama mwenye nyumba akauliza kwa upole: *Quel poisson ?* Samaki gani? Alidhani kuna samaki maalumu ninayemzungumzia, labda amewekwa mahali jikoni. Nilichotaka kusema ni *Je mange du poisson.*

Ile *du* ni *de* na *le* zilizoshikana. *De* inabeba maana ya «kutoka katika». Chukulia mkate wote ulioko duniani kuwa rundo moja lisilo na mwisho, nawe umemega hapo kidogo. Ndiyo maana artikeli hii huitwa ya sehemu.

## Zinaundwaje?

Nomino ya kiume inachukua *du*: *du riz, du sel, du thé, du poulet.* Ya kike inachukua *de la*: *de la viande, de la farine, de la bière.* Ikianza na irabu, ya kiume au ya kike, inachukua *de l'*: *de l'eau, de l'ail, de l'ananas.* Kwa wingi ni *des*, nayo nitaieleza chini kwa sababu ina habari yake.

Herufi *h* inahitaji uangalifu. Haitamkwi kamwe, lakini kuna maneno ambayo *h* yake ni kama haipo kabisa, na mengine ambayo *h* yake inasimama kama ukuta. Mafuta ya kupikia ni *de l'huile*, maana *h* hiyo haizuii kitu. Lakini kamba mkubwa wa baharini ni *du homard*, si *de l'homard*, na maharage ni *des haricots* bila kuunganisha ile *s* na irabu inayofuata. Hakuna kanuni ya kukuonyesha ipi ni ipi. Jifunze neno pamoja na artikeli yake tangu siku ya kwanza.

## Je, Kiswahili kinaweza kunisaidia chochote hapa?

Kinaweza, na ninasikitika kwamba vitabu vingi vinatuambia Kiswahili hakina artikeli kisha vinaishia hapo. Ni kweli hatuna artikeli. Lakini tuna kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi, nacho kinafanya sehemu kubwa ya kazi ya *le*.

Sikiliza tofauti ya sentensi hizi mbili:

«Nimekunywa maziwa.»

«Nimeyanywa maziwa.»

Ya kwanza inamjibu mtu aliyeuliza umekunywa nini asubuhi. Ya pili inamjibu aliyefungua friji na kukuta chupa tupu. Katika ya pili, maziwa yanajulikana, yalikuwa pale, na sasa hayapo. Kwa Kifaransa, ya kwanza ni *J'ai bu du lait* na ya pili ni *J'ai bu le lait.* Vivyo hivyo «amekula mkate» ni *il a mangé du pain*, na «ameula mkate» ni *il a mangé le pain.*

Basi ukiwa na shaka, iseme sentensi yako kwanza kwa Kiswahili na usikilize kitenzi. Kikitaka *-ya-, -u-, -ki-, -li-* ndani yake, Kifaransa kitataka *le, la* au *les.* Kikikaa vizuri bila kiambishi, mara nyingi utahitaji *du, de la, des* au *un, une.*

Kipimo hiki kina mpaka, na nataka uujue kabla haujakuangusha: hakifanyi kazi kwa kitenzi «kupenda». Tunasema «napenda maziwa» bila kiambishi chochote, lakini Kifaransa kinadai *le.*

## Kwa nini ni «j'aime le café» lakini «je bois du café»?

Hili ndilo kosa nisikialo kuliko yote, hata kwa watu waliosoma miaka mitatu.

Ukinywa kahawa, huwezi kuinywa yote iliyoko duniani. Unakunywa sehemu, kwa hiyo *du café.* Lakini ukisema unapenda kahawa, huongelei kikombe fulani. Unaongelea kahawa kama kitu, kahawa yote popote ilipo. Kifaransa hutumia *le, la, les* kwa kitu kizima kwa ujumla wake, kama inavyotumia kwa kitu kinachojulikana. Neno moja, kazi mbili.

Vitenzi vya kupenda na kuchukia vyote viko upande huu: *aimer, adorer, préférer, détester.*

*J'adore les mangues.* Napenda sana maembe.

*Ma fille déteste le lait.* Binti yangu hapendi kabisa maziwa.

*Je préfère le thé.* Mimi napendelea chai.

Vitenzi vya kula, kunywa, kununua, kuweka na kuchukua viko upande wa sehemu: *manger, boire, acheter, mettre, prendre*, pamoja na *il y a* na *il faut.* Usivikariri kama orodha kavu. Jiulize: je, kitendo hiki kinaweza kugusa kitu chote cha aina hiyo duniani? Kupenda kunaweza. Kula hakuwezi.

Kanuni hiyo hiyo inatawala kauli za jumla kuhusu chakula: *Le sucre abîme les dents*, sukari inaharibu meno. *La viande coûte cher*, nyama ni ghali. Hapo hakuna anayekula kitu. Tunasema habari za kitu chenyewe.

Sasa kuna mtego unaotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Mgeni mstaarabu akiulizwa anywe nini husema «ningependa chai». Neno lina «penda» ndani yake, basi mwanafunzi anakimbilia *le thé.* Lakini «ningependa» hapa ni kuomba, haielezi ladha unayoipenda. Unaomba kiasi cha kunywa, kwa hiyo ni *Je voudrais du thé*, au *J'aimerais du thé.* Hata *aimer* ikigeuka kuwa ombi inafuatwa na *du.* Kinachoamua ni maana.

## Mgahawani niseme «un café» au «du café»?

Mgahawani sema *un café.* Nyumbani kwa mtu, birika likiwa mezani, sema *du café.*

Sababu yake unaijua tayari. Chai kwetu haihesabiki. Hata hivyo, mgahawani unamwambia mhudumu «lete chai mbili, na maji moja makubwa», naye haulizi chai inahesabiwaje. Anajua ni vikombe viwili na chupa moja. Kifaransa kinafanya vilevile: *deux thés, un café, une bière.* Un hapa inahesabu kikombe, glasi au chupa, na jina la kinywaji limesimama badala ya jina la chombo.

Kwa vyakula, *un* na *du* hutofautisha kitu kizima na sehemu yake au nyama yake. *Un poulet* ni kuku mzima, aliye hai au aliyechomwa akiwa mzima. *Du poulet* ni nyama ya kuku, mapaja mawili kwenye sahani. Ukisema *Hier soir, j'ai mangé un poulet*, wasikilizaji wataelewa ulimmaliza kuku mzima peke yako. *Acheter un poulet* sokoni ni jambo la kila siku, kwa sababu kuku mzima ndiye anayenunuliwa. *Du bœuf, du mouton, de la chèvre* ni nyama. *Un bœuf, un mouton, une chèvre* wana miguu minne.

Matunda yanafuata njia hiyo hiyo, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Mtoto ameshika embe mkononi, anang'ata, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko: *Il mange une mangue.* Mama amemenya maembe, ameyakata vipande, ameyaweka kwenye bakuli na kila mtu anachovya uma wake: *On mange de la mangue.* Nanasi mara nyingi ni *de l'ananas*, kwa kuwa ni nadra mtu kula lote peke yake. Ndizi mbivu ni *une banane*, kwa kuwa watu huila moja nzima.

Utakutana pia na *un vin, un fromage* kwa maana ya aina: *C'est un vin très léger*, ni mvinyo wa aina nyepesi sana. Hiyo si glasi wala chupa, na hutokea hasa pale neno la sifa linapofuata.

## «Des» ni ya sehemu au ni wingi wa «un»?

Walimu wa sarufi wanabishana kuhusu hili. Kwa anayejifunza, jibu lenye faida ni kwamba karibu kila mara *des* ni wingi wa *un* au *une*: *une banane, des bananes, un œuf, des œufs.* Ni vyakula vichache tu vinavyotajwa kwa wingi bila kuhesabiwa moja moja, kama mchicha wa Kizungu, *des épinards.* Hapo *des* ni sehemu kweli. Kwa umbo hakuna tofauti, basi usijisumbue.

Kinachofaa kukusumbua ni kujua chakula kipi kiko kwenye umoja na kipi kwenye wingi, maana ngeli zetu zinatupotosha. Maji, maziwa na mafuta yana *ma-* mbele, na tunasema «maji haya, maziwa haya», kwa hiyo sikio letu linasikia wingi. Wanafunzi wangu huandika *des laits* na *des eaux.* Kifaransa kinaviona kama vitu vya umoja visivyohesabika: *du lait, de l'eau, de l'huile.* Mahindi pia, *du maïs*, hata yawe gunia zima.

Wali nao ni *du riz*, na neno hilo moja linabeba mpunga, mchele na wali, tatu ambazo sisi hatuwezi kuzichanganya. Lakini maharage yaliyo pembeni ya wali huo ni *des haricots*, dengu ni *des lentilles*, na tambi ni *des pâtes.* Punje ya mchele ni ndogo, haina habari ya peke yake. Punje ya haragwe inaonekana, basi inahesabiwa. Dengu ni ndogo pia na bado inahesabiwa, kwa hiyo usiifanye sababu hii kuwa sheria. Ni ya kukumbushia tu.

Angalizo moja: kivumishi kikitangulia nomino ya wingi, kwenye maandishi yenye uangalifu *des* hugeuka *de*: *de bons haricots, de grosses tomates.* Katika mazungumzo utasikia watu wengi wakibaki na *des.* Na *des petits pois*, njegere, haigeuki, kwa sababu *petits pois* limekuwa jina moja.

## Nikikanusha, kwa nini kila kitu kinakuwa «de»?

Kwa sababu hakuna tena sehemu ya kumega. *Du, de la, de l', des, un* na *une* zote hugeuka *de* baada ya *pas, plus* na *jamais*:

*Je mange du poisson. Je ne mange pas de poisson.*

*Il y a des œufs. Il n'y a plus d'œufs.* Mayai yamekwisha.

*Elle boit de la bière. Elle ne boit jamais de bière.*

Lakini *le, la, les* hazibadiliki. *J'aime le poisson* ikikanushwa ni *Je n'aime pas le poisson.* Huku ndiko makosa mawili yanakokutana. Mtu akishajifunza *pas de*, anaanza kusema *je n'aime pas de poisson.* Samaki kwa ujumla bado yupo duniani hata kama wewe humpendi, kwa hiyo *le* inabaki.

Ni vizuri kulijua hili kabla ya kukaribishwa. *Je ne mange pas de porc* inawaambia wenyeji kwamba nguruwe haingii kinywani mwako. *Je n'aime pas le porc* inasema tu kwamba huifurahii ladha yake, na mwenyeji mkarimu anaweza kukubembeleza uonje. Kwa Mwislamu au mtu mwenye mwiko wa chakula, ya kwanza ndiyo inayosema alichokusudia.

Kuna mahali pawili ambapo sehemu haigeuki. Baada ya *être*: *Ce n'est pas du sucre, c'est du sel.* Hukukanusha kuwepo kwa kitu, umesahihisha jina lake. Na baada ya *ne… que*, ambayo inaonekana kama ukanushi lakini ina maana ya «tu»: *Je ne bois que de l'eau*, nakunywa maji tu. Maji unakunywa, basi *de l'eau* inabaki nzima.

## Na nikitaja kipimo?

Kipimo kikitajwa, *du* inakwisha kazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusema «kiasi ambacho sikitaji». Inabaki *de* peke yake: *un kilo de riz, un litre de lait, une bouteille d'huile, un verre d'eau.* Na *beaucoup de sel, un peu de sucre, trop de piment, assez de pain.*

*La plupart* ni tofauti: *la plupart des fruits*, matunda mengi kati ya yote. Ukitaja vitu maalumu, artikeli au neno la kuonyesha hurudi: *un kilo de ces tomates*, kilo moja ya nyanya hizi hapa, ukizinyooshea kidole.

Kiswahili kina sentensi moja yenye utata ambayo Kifaransa kimeitenganisha vizuri. «Kikombe cha kahawa» kinaweza kuwa kimejaa kahawa, au kiwe kikombe kitupu cha aina inayotumika kwa kahawa. Kwa Kifaransa, kilichojaa ni *une tasse de café* na cha kununua dukani ni *une tasse à café.* *Un verre de vin* unakunywa, *un verre à vin* unaosha.

## Unaweza kunionyesha zote zikifanya kazi mahali pamoja?

Mahali pazuri kuliko pote ni maelezo ya mapishi. Chukua chapati nyembamba za Kifaransa, *les crêpes.* Kwanza mpishi anakuambia kinachohitajika:

*Pour faire des crêpes, il faut de la farine, des œufs, du lait, du beurre et du sel.*

Hakuna kipimo, hakuna kitu kinachojulikana, kwa hiyo ni sehemu kila mahali. Mayai yanahesabika, yamechukua *des.* Kisha inakuja orodha ya vipimo:

*250 g de farine, 4 œufs, un demi-litre de lait, 50 g de beurre fondu, une pincée de sel.*

*Du* na *de la* zimetoweka, *de* imebaki. Mayai hayana hata *de*, kwa sababu namba 4 inashika nomino moja kwa moja. Sasa kazi inaanza:

*Mettez la farine et le sel dans un saladier. Ajoutez les œufs. Versez le lait petit à petit en mélangeant, puis ajoutez le beurre.*

Zote zimegeuka *la, le, les.* Unga si unga wowote tena. Ni zile gramu 250 ulizokwisha kuzipima na kuziweka mezani. Lakini bakuli ni *un saladier*, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza linatajwa. Kwa Kiswahili mpishi angesema «mimina yale maziwa kidogo kidogo», na hiyo «yale» ndiyo *le.*

Kisha inakuja sentensi ninayoipenda kuliko zote katika somo hili:

*Si la pâte est trop épaisse, ajoutez du lait.*

Uji ukiwa mzito, ongeza maziwa. Kwa nini *du lait* tena, wakati mstari uliotangulia ulikuwa *le lait*? Kwa sababu ile nusu lita imekwisha kumiminwa yote. Haya ni maziwa mengine, kiasi usichoambiwa, ujazie kwa jicho lako. Ukiandika *ajoutez le lait* hapa, msomaji atadhani alipaswa kuyabakisha yale ya mwanzo, na atarudi juu kutafuta alikokosea.

Ninawapa wanafunzi zoezi hili: chukua pishi unalolijua, pilau au maharage ya nazi, uliandike kwa hatua hizi tatu. Mtu akifika kwenye hatua ya tatu na bado anaandika *mettez du riz*, tunajua pa kurudi.

## Vyakula vyetu visivyo na jina la Kifaransa vinachukua artikeli gani?

Wanaozungumza Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja, Kongo ya mashariki na Burundi, wamekwisha kuamua, na njia yao ni nyepesi. Jina geni la chakula kisichohesabika kwa kawaida huwa la kiume: *du foufou*, yaani ugali wa kwao, na *du sombe*, yaani kisamvu. Samaki wadogo wanaoliwa kwa wingi huchukua *des*: *des sambaza* wa Ziwa Kivu, *des ndagala* wa Tanganyika. Mukeke, samaki mkubwa kidogo wa Tanganyika, anafuata mfano wa kuku: *un mukeke* akiwa mzima kwenye sahani, *du mukeke* ukizungumzia nyama yake. Chikwangue, mkate wa muhogo, ni ya kike na inahesabika, kwa kuwa inafungwa moja moja kwenye majani: *une chikwangue.*

Kwa hiyo ugali utakuwa *de l'ugali*, kwa sababu ya irabu, na vitumbua *des vitumbua.*

## Mbona naona «thé au lait» na si «thé avec du lait»?

Zote mbili zipo. *Au* ni *à* na *le*, nayo inataja kitu kinachokipa chakula jina au ladha yake: *un thé au lait*, chai ya maziwa, *une glace à la vanille, une tarte aux pommes.* Ukisema *avec du lait*, maziwa yameongezwa pembeni.

*Sans* haitaki artikeli: *un café sans sucre.* Na baada ya *avoir besoin de* na *avoir envie de*, ile *de* ya kitenzi inaimeza ya sehemu: *J'ai besoin de farine, j'ai envie de poisson.* Ukisikia *j'ai besoin de la farine*, anayesema anataka ule unga unaojulikana, pengine ulio mkononi mwako.

## Je, kila «du» ni ya sehemu?

Hapana. *Le goût du café* ni ladha ya kahawa, na *le prix du riz* ni bei ya mchele. Hapo *du* ni «ya» yetu ya kumiliki pamoja na *le.* Jaribu kuweka «kiasi cha» mbele ya nomino. «Nakunywa kiasi cha kahawa» inaleta maana, hiyo ni sehemu. «Bei kiasi cha mchele» haileti.

## Mezani nikiulizwa «Encore du riz ?», nijibu vipi bila kurudia neno zima?

Kwa *en.* Neno hili linasimama badala ya *du, de la* au *des* pamoja na nomino yake. *Oui, j'en veux bien*, ndiyo, naomba. *Juste un peu*, kidogo tu. Ukitaja kipimo au idadi, unakiweka mwisho: *J'en prends deux*, nachukua viwili.

Lakini swali likiwa na *le*, jibu halina *en.* *Tu as fini le riz ?* Umeumaliza wali? *Oui, je l'ai fini.* Ndiyo, nimeumaliza. Tazama ile *-u-* katika «nimeumaliza» na ile *l'* katika *je l'ai*: ni kazi moja, na zote zimekaa kabla ya mzizi wa kitenzi.

Ukishiba, tofautisha *pas* na *plus.* *Je n'en veux pas* maana yake hutaki, na ukiisema mbele ya chakula ambacho hujakigusa inaweza kumuumiza aliyepika. *Je n'en veux plus* maana yake ulikula na sasa imetosha. Wengi mezani hawasemi hata hiyo. Wanasogeza sahani kidogo na kusema *Merci, j'ai très bien mangé*, na mama anaweka kijiko chini.